Kueleza kwa maneno uthibitisho wa kipeuo cha pili cha 2 bila kupoteza masharti yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu wa hisabati, mwaka wa pili. Tulipewa kazi ya kueleza kwa maneno, bila alama, uthibitisho wa kitabuni kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Niliandika hivi: "Tuchukulie kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu. Tukiizidisha kwa yenyewe tunaona kiasi ni shufwa. Halafu asili nayo ni shufwa. Hilo haliwezekani, kwa hiyo kipeuo cha pili cha 2 si sehemu." Nimepata nusu ya alama, na pembeni kumeandikwa kwa wino mwekundu: masharti yako wapi, mpangilio uko wapi? Mbona nilichoandika ni kweli? Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Karibu kila sentensi yako ni ya kweli, na hapo ndipo kazi hii inapowapotosha wengi. Msomaji wa uthibitisho haulizi tu kama kauli ni ya kweli. Anauliza ni nini kinachokuruhusu kuisema sasa hivi, mahali hapo ulipofika. Maelezo yako yana vituo vinne vya safari, ila barabara kati ya kituo na kituo haionekani. Tuanze na uthibitisho wenyewe jinsi vitabu vingi vinavyouandika, ili tuwe tunatazama kitu kimoja:

```
1. Chukulia √2 = p/q, ambapo p na q ni namba nzima,
   q ≠ 0, na hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.
2. p² = 2q²
3. p² ni shufwa, kwa hiyo p ni shufwa.
4. p = 2k
5. 4k² = 2q², kwa hiyo q² = 2k²
6. q² ni shufwa, kwa hiyo q ni shufwa.
7. p na q zote zinagawanyika kwa 2: ukinzani.
```

Mstari wa kwanza ndio uliokula alama zako nyingi. Unaonekana kama dhana moja, lakini ndani yake mna mambo matatu ya aina tofauti, na kila moja linataka kitenzi chake.

La kwanza ni kwamba kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu. Hili ni jambo tusiloliamini. Tunalikubali kwa muda tu, kwa nia ya kulikataa mwishoni. Kwa hiyo maelezo yaseme wazi kwamba ni la muda: "tuchukulie, ili tuone litatufikisha wapi". Ukiandika "kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu" bila neno la namna hiyo, umetamka uongo kwa sauti yako mwenyewe.

La pili ni kwamba p na q ni namba nzima na q si sifuri. Hatuongezi chochote hapa. Hii ni maana tu ya neno "sehemu", na kitenzi chake ni "yaani". Hata hivyo haifai kuiacha, kwa sababu maneno shufwa na witiri yana maana kwa namba nzima peke yake. Ukiiacha, mtu anaweza kuandika kipeuo cha pili cha 2 chenyewe juu na 1 chini, akauliza kwa nini hiyo isiwe sehemu, nawe hutakuwa na jibu.

La tatu ni kwamba p na q hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, yaani sehemu iko katika hali yake rahisi kabisa. Hili hukuliandika popote. Kitenzi chake ni "tunachagua". Thamani moja ina sehemu nyingi zinazoitaja: 84/60, 42/30, 14/10 na 7/5 ni namba ileile. Katika orodha ya namna hiyo daima kuna moja isiyorahisishika tena. Unaipata kwa kugawanya kiasi na asili kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika chao, ambacho kwa 84 na 60 ni 12, na inabaki 7/5. Kwa hiyo, kipeuo chetu kikiwa sehemu kweli, tuna haki ya kuchagua sehemu iliyorahisishwa kabisa kati ya zote zinazokitaja. Tunachagua hiyo, na kuanzia hapo hatubadilishi.

Sasa soma tena sentensi yako ya nne: "Hilo haliwezekani." Lipi haliwezekani? Kwamba kiasi na asili zote ni shufwa? Mbona 14/10 ina kiasi shufwa na asili shufwa na hakuna aliyeshangaa. Ushufwa wa zote mbili unagongana na kitu kimoja tu, nacho ni lile chaguo la tatu ambalo hukulitaja. Mwisho wako unapiga ngumi hewani kwa sababu ukuta wake haukujengwa mwanzoni. Huyo msahihishaji aliyeuliza masharti yako wapi alikuwa anatafuta sentensi hii moja kuliko nyingine zote.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa ambalo vitabu hulipita haraka. Ukinzani ukitokea, unachojua ni kwamba kati ya mambo uliyoyakubali, angalau moja ni la uongo. Haukuambii ni lipi. Mwanafunzi makini anaweza kukuuliza: kwa nini tunatupa dhana kwamba kipeuo ni sehemu? Kwa nini tusitupe ile dhana kwamba sehemu imerahisishwa, tuendelee na sehemu isiyorahisishwa? Ni swali zuri, na jibu lake liko katika tofauti ya vitenzi niliyoieleza. Kurahisisha kulikuwa chaguo ambalo kila sehemu inaliruhusu. Kama sehemu ipo, basi iliyorahisishwa ipo pia. Kwa hiyo lawama haiwezi kutua kwenye kurahisisha. Inarudi nyuma hadi kwenye dhana ya kwanza, kwamba kuna sehemu hata moja. Ukiwa umeandika "tuchukulie" mara mbili mfululizo, kwa yote mawili, hutaweza kueleza kwa nini umetupa moja ukaacha nyingine. Ukiwa umeandika "tuchukulie" kwa la kwanza na "tunachagua" kwa la tatu, jibu limo tayari katika maneno yako.

Tuje mstari wa tatu, ambako umeandika "tunaona kiasi ni shufwa". Hatukioni. Tulichokiona kwenye mstari wa pili ni kwamba mraba wa kiasi, yaani kiasi kikizidishwa kwa chenyewe, ni mara mbili ya namba nzima fulani, hivyo mraba huo ni shufwa. Kutoka mraba kwenda kiasi chenyewe ni hatua nyingine, nayo inahitaji kauli saidizi: mraba wa namba nzima ukiwa shufwa, namba hiyo nayo ni shufwa.

Wanafunzi wengi wakiulizwa sababu ya hatua hii hujibu: "kwa sababu shufwa mara shufwa ni shufwa." Hiyo ni kweli, lakini inaelekea upande usiofaa. Inatoka kwenye namba kwenda kwenye mraba wake, wakati sisi tunao mraba na tunaitafuta namba. Mwelekeo wa kauli ya "ikiwa... basi..." ndicho kitu kinachopotea kwa urahisi kuliko vyote mtu anapohamisha uthibitisho kutoka alama kwenda maneno ya kawaida, kwa sababu katika mazungumzo tunasema "mraba shufwa na namba shufwa vinakwenda pamoja" na kila mtu anaitikia. Kuitikia huko hakutoshi.

Kauli saidizi yenyewe ina uthibitisho mfupi unaosemeka vizuri kwa mdomo. Chukua namba witiri yoyote. Kuizidisha kwa yenyewe ni sawa na kuizidisha kwa namba iliyo chini yake kwa moja, kisha kuongeza witiri yenyewe mara moja. Kwa 7, hiyo ni 7 mara 6, jumlisha 7, yaani 42 na 7, inakuwa 49. Namba iliyo chini ya witiri kwa moja ni shufwa, kwa hiyo zao la kwanza ni shufwa. Shufwa ukiijumlisha na witiri unapata witiri. Basi mraba wa witiri daima ni witiri. Na kwa kuwa kila namba nzima ni shufwa au witiri, bila njia ya tatu, namba ambayo mraba wake ni shufwa haiwezi kuwa witiri. Lazima iwe shufwa.

Zingatia kwamba hoja hii fupi ina dhana yake ya muda: "chukua namba witiri". Ukiiingiza katikati ya uthibitisho mkuu, msomaji atakuwa amebeba dhana mbili za muda kwa pamoja, moja kuhusu kipeuo na moja kuhusu witiri, na ukifika kwenye "haiwezekani" hatajua ni ipi imeanguka. Katika alama tatizo hili ni dogo, maana jicho linarudi juu ya ukurasa kwa urahisi. Katika maneno, hasa yanayosikilizwa, ni kubwa. Mimi huiweka kauli saidizi mbele kabisa, naithibitisha, naifunga, ndipo naanza habari ya kipeuo. Je, hapo nimevunja mpangilio wa kitabu? La. Mpangilio unaolindwa ni ule wa nini kinategemea nini, na kauli saidizi haitegemei chochote kilichomo katika mistari ile saba. Kinyume chake hakiruhusiwi: huwezi kuutanguliza mstari wa sita mbele ya wa tatu.

Hapo ndipo penye "halafu" yako. Umeandika: "Halafu asili nayo ni shufwa." Neno halafu linasema jambo moja lilikuja baada ya jingine. Halisemi kwamba la pili limetoka katika la kwanza. Tena, kwa kuweka "nayo", umemfanya msomaji adhani kwamba asili inafanyiwa hoja ileile iliyofanyiwa kiasi, sambamba, kana kwamba ungeweza kuanza na yoyote. Haiwezekani. Rudi kwenye mstari wa pili: mraba wa kiasi ni mara mbili ya mraba wa asili. Mstari huo peke yake haukuambii lolote kuhusu asili kuwa shufwa au witiri. Asili iwe 5 au 6, mara mbili ya mraba wake ni shufwa tu.

Habari ya asili inapatikana kwa kupitia kiasi. Kwa kuwa kiasi ni shufwa, kina nusu iliyo namba nzima. Kitabu kimeiita k. Kiasi kikiwa mara mbili ya nusu yake, basi mraba wa kiasi ni mara nne ya mraba wa nusu hiyo. Kwa hiyo mara nne ya mraba wa nusu ni sawa na mara mbili ya mraba wa asili. Gawanya pande zote kwa 2: mraba wa asili ni mara mbili ya mraba wa nusu. Ni hapa tu, wala si kabla, ndipo tunapojua kwamba mraba wa asili ni shufwa, na kauli saidizi inaitwa kazini kwa mara ya pili. Mistari ya nne na ya tano, ambayo uliiruka, ndiyo inayobeba uzito wote. Kuna kigezo rahisi hapa: kila unapotaka kuandika "halafu" au "pia", jaribu "kwa hiyo" mahali pake. Ikikubali, andika "kwa hiyo" na utaje kwa sababu ya nini. Ikikataa, kuna hatua imekatika.

Sasa nikupe njia ya kujikagua mwenyewe ambayo naithamini kuliko zote. Chukua maelezo yako, ubadilishe 2 kuwa 4 kila mahali, na badala ya "shufwa" weka "inagawanyika kwa 4". Yako yatasomeka hivi: tuchukulie kipeuo cha pili cha 4 ni sehemu, tukiizidisha kwa yenyewe tunaona kiasi kinagawanyika kwa 4, halafu asili nayo inagawanyika kwa 4, hilo haliwezekani, kwa hiyo kipeuo cha pili cha 4 si sehemu. Umethibitisha kwamba 2 haiwezi kuandikwa kama sehemu, ilhali 2 ni 2/1. Maelezo yanayokubali kubadilishwa hivyo bila kutoa sauti yoyote yamepoteza kitu, hata kama mwisho wake kwa namba 2 ni wa kweli.

Ukifanya jaribio hilohilo kwenye maelezo kamili, yanakatika mahali panapojulikana. Mraba wa kiasi ni mara nne ya mraba wa asili, sawa, kwa hiyo mraba wa kiasi unagawanyika kwa 4. Kisha unahitaji kauli saidizi: mraba ukigawanyika kwa 4, namba yenyewe inagawanyika kwa 4. Hiyo ni uongo. 36 inagawanyika kwa 4, na 6 haigawanyiki. Barabara imefungwa, kama inavyopaswa, na umegundua kwamba uthibitisho wote umesimama juu ya kauli saidizi.

Kwa 3 njia inafunguka tena, ila lazima uithibitishe kauli saidizi upya, maana ushufwa na uwitiri havitumiki. Namba isiyogawanyika kwa 3 huacha baki 1 au baki 2. Mraba wa ile ya baki 1 huacha baki 1. Mraba wa ile ya baki 2 huacha baki ya 4, ambayo ukitoa 3 ni 1 tena. Kwa hiyo namba isiyogawanyika kwa 3 haina mraba unaogawanyika kwa 3, na mengine yote yanafuata neno kwa neno.

Jaribio hili lina mpaka wake, usije ukalitumia vibaya. Jaribu 8. Kauli saidizi inaanguka, kwa kuwa 16 inagawanyika kwa 8 na 4 haigawanyiki. Lakini kipeuo cha pili cha 8 kwa kweli hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 2, na kingekuwa sehemu, nusu yake nayo ingekuwa sehemu. Kwa hiyo hoja ikikatika, unachojua ni kwamba njia hii haifiki huko. Hujajua lolote kuhusu kauli iliyokuwa ikithibitishwa.

Jambo jingine ni lugha yenyewe, na hapa Kiswahili kinakupa msaada ambao hukuutumia. "Bila alama" hakukukatazi kuvipa vitu majina. Ugumu wa kuacha p, q na k ni kwamba vitu vitatu vinabaki vikiitwa "namba hiyo", na msomaji anapotea. Lakini kiasi na asili ni ngeli tofauti: kiasi ni chenyewe, asili ni yenyewe, mraba wa kiasi ni mraba wake kama wa asili, ila ukisema "kikizidishwa kwa chenyewe" hakuna anayedhani unaisema asili. Tatizo ni kwamba kipeuo nacho ni cha ngeli ya ki-vi, kwa hiyo sentensi yenye kipeuo na kiasi pamoja isitumie kiwakilishi kitupu. Litaje jina lenyewe hata likijirudia mara tano. Kurudia jina si ubaya katika uthibitisho. Na k, ambayo haina jina kitabuni, iite "nusu ya kiasi". Jina hilo linabeba ndani yake sababu ya kuwepo kwake, kitu ambacho herufi k haifanyi.

Wala usidhani maneno ni daraja la chini kuliko alama. Hoja hii ilizaliwa katika maneno. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anaitaja kama mfano unaojulikana wa kuthibitisha kwa kufikia lisilowezekana: ulalo wa mraba ungekuwa na kipimo cha pamoja na ubavu wake, basi witiri zingekuwa sawa na shufwa. Al-Khwarizmi, Baghdad, karne ya 9, aliandika aljebra yake yote kwa maneno, na alama ya sawasawa tunayoitumia leo haikuchapishwa hadi 1557, katika kitabu cha Robert Recorde. Waliotangulia walilazimika kufanya kazi hiyohiyo uliyopewa, na waliweka sababu ya kila hatua ndani ya sentensi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Haya, mimi ningeandika hivi:

"Kwanza tunahitaji kauli moja saidizi: namba nzima ikiwa na mraba shufwa, namba hiyo ni shufwa. Sababu ni kwamba mraba wa witiri daima ni witiri. Ni zao la witiri hiyo na shufwa iliyo chini yake kwa moja, likiongezwa witiri hiyo. Na kila namba nzima ni ama shufwa ama witiri.

"Sasa tuchukulie, kwa muda, kwamba kipeuo cha pili cha 2 kinaweza kuandikwa kama sehemu, yaani kama namba nzima juu ya namba nzima isiyo sifuri. Kwa kuwa kila sehemu inaweza kurahisishwa hadi mwisho, tunachagua sehemu ambayo kiasi na asili havina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kwa maana ya kipeuo, sehemu hii ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2. Kwa hiyo mraba wa kiasi ni mara mbili ya mraba wa asili. Basi mraba wa kiasi ni shufwa, na kwa kauli saidizi kiasi ni shufwa. Kwa hiyo nusu ya kiasi ni namba nzima, na mraba wa kiasi ni mara nne ya mraba wa nusu hiyo. Tukilinganisha na tulichokwisha kupata, mara mbili ya mraba wa asili ni mara nne ya mraba wa nusu ya kiasi; tukigawanya kwa 2, mraba wa asili ni mara mbili ya mraba wa nusu ya kiasi. Basi mraba wa asili ni shufwa, na kwa kauli saidizi tena, asili ni shufwa. Sasa kiasi na asili vyote vinagawanyika kwa 2, ilhali tulichagua sehemu ambayo havina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Chaguo hilo lingewezekana daima kama kungekuwa na sehemu yoyote. Kwa hiyo hakuna sehemu iliyo sawa na kipeuo cha pili cha 2."

Kabla ya kurudisha kazi yako, mpe mwenzako asome maelezo yako bila kitabu, na umwombe ayaandike kwa alama. Akikuletea mistari ile saba, au inayolingana nayo, umefaulu. Akikuuliza "hii namba ni ipi?" tatizo ni majina. Akikuuliza "hii umeitoa wapi?" kuna hatua au sharti limeanguka, na swali lake litakuonyesha mahali hasa.

Mwisho, kifungue kitabu mlichopewa ninyi, kwa sababu waandishi wengine hawarahisishi sehemu mwanzoni. Wanaanza na sehemu yoyote, wanafika kwenye asili na nusu ya kiasi, kisha wanaonyesha kwamba asili juu ya nusu ya kiasi ni sehemu nyingine ya kipeuo kilekile, yenye namba ndogo zaidi. Wanairudia hoja juu ya sehemu hiyo mpya, na kusema kwamba namba nzima zilizo kubwa kuliko sifuri haziwezi kupungua bila kikomo. Uthibitisho huo una sharti jingine, kwamba kiasi na asili ni namba kubwa kuliko sifuri, na ukinzani wake uko mahali pengine. Kama kitabu chenu kimefuata njia hiyo, usiingize neno "kurahisisha" katika maelezo yako hata mara moja, maana utakuwa umeeleza uthibitisho ambao haumo katika ukurasa uliopewa.